Shilingi ya kidijitali siyo mobaili mani, na hapo ndipo benki zitaumia

Juzi nilikuwa Kikuubo kwa rafiki yangu anayeuza vitenge, akaniambia, "Kaka, hiyo shilingi ya kidijitali mnayobishania si ndiyo hii hii tunayotumia kwenye simu?" Nikamwambia hapana, na tofauti yake ni kubwa kweli.

Ukiweka laki moja kwa wakala wa mobaili mani, kampuni inalazimika kuweka shilingi kama hizo kwenye akaunti ya trasti ndani ya benki ya biashara. Yaani hela imebadilisha jina tu, bado iko benki. Shilingi ya kidijitali ya benki kuu, ikianzishwa, itakuwa deni la Benki Kuu ya Uganda yenyewe, kama noti, kwa hiyo ukihamisha akiba yako kuipeleka huko, inatoka benki kabisa.

Chukua benki ya mfano, ina amana za bilioni 100: bilioni 10 ziko benki kuu, 30 zimefungwa kwenye bondi za serikali, 60 zimekopeshwa. Sasa wateja wanahamisha bilioni 15 kwa simu kwenda kwenye shilingi ya kidijitali. Zile 10 haiwezi kuzimaliza maana sehemu kubwa ni akiba ya lazima, na mikopo haiwezi kuirudisha kesho asubuhi, basi inauza bondi ama inakopa benki kuu kwa riba inayozidi CBR, ile riba elekezi ambayo benki kuu inaipanga. Hela iliyokuwa karibu bure, ile ya akaunti za kawaida, imegeuka hela ya gharama, na bili anapelekewa mwenye duka anayekopa.

Kuna upande mwingine ambao watu hawausemi. Benki ikitegemea hela ya kukopa, CBR ikipanda au kushuka gharama yake inasogea hapo hapo, kwa hiyo sera ya benki kuu inafika kwa mkopaji haraka zaidi kuliko leo. Lakini inafika kwenye mkopo ambao tayari ni ghali, na mimi sioni hiyo kama faida. Ila kama watu watabadilisha zile noti za chini ya godoro tu, amana haziguswi.

Kinachonitisha zaidi ni siku ya uvumi. Mfuko wa kulinda amana unalipa mpaka milioni 10 kwa mteja katika benki moja, kwa hiyo wa kwanza kukimbia ni mwenye milioni 50, na sasa hahitaji foleni wala gari la kubebea noti, anahamisha saa nane usiku akiwa kitandani.

Ndiyo maana nasema kila mtu awekewe kikomo cha shilingi ya kidijitali anayoweza kushika, tena chini sana ya hiyo milioni 10, na shilingi hiyo isilipe riba yoyote. Ulaya wenyewe wamejadili kikomo cha yuro 3,000 kwa yuro ya kidijitali, na Sand Dollar, hela ya kidijitali ya benki kuu ya Bahamas iliyoanza 2020, hailipi riba. Milioni 2 inamtosha mwenye duka kununua mzigo wake wa kila siku, na benki haitapoteza hela nyingi ya kumkopesha.