Eti Nimeizidi Kazi

Jumanne nilikaa mbele ya watu watatu hapa Tanga nikiomba kazi ya mhasibu wa kawaida: kuingiza ankara, kushika petikashi, kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Mmoja akafunua wasifu wangu, akaona CPA, akaona miaka 6 ya umeneja wa fedha Dar, akatabasamu kama aliyemfuma mwizi wa kuku. "Dada, hii si ndogo kwako? Miezi mitatu tu utatukimbia."

Nikacheka. Nikasema, "Hapana, mimi sina shida." Basi, nikaaga. Majibu ya maana yalianza kunijia nikiwa kwenye bajaji, karibu na Chumbageni, ambako hayana faida kwa mtu.

Usiku nikaandika barua pepe: niko tayari kwa kazi yoyote, kwa mshahara wowote. Nikamsomea shemeji yangu, ambaye huajiri watu wa ghala. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Shemeji, mimi nikiletewa hii nauliza umeiba wapi."

Iliniuma, lakini alikuwa sahihi. Unyenyekevu uliopitiliza unatisha. Mtu anayeshuka ngazi bila kutaja sababu, wanamtafutia sababu wenyewe: kafukuzwa, ana kesi, anajibanza hapa akingoja simu ya kwingine. Na nakubali, kwa shingo upande, kwamba woga wao una msingi. Nikiwa meneja nilimwajiri kijana mwenye shahada ya pili kwenye dawati la malipo. Aliondoka mwezi wake wa pili kazini, tarehe 5, kodi ya mishahara inatakiwa TRA tarehe 7, na nywila ya mfumo anayo yeye. Kwa hiyo wanaponiambia nimezidi, sifa si tatizo lao. Wanataka kujua nini kitanishika hapa.

Nikaifuta yote. Asubuhi, kabla ya saa nne, nikamtumia afisa rasilimali watu hii, nikimwomba awafikishie wenzake:

"Jana mliniuliza kama nafasi hii si ndogo kwangu, nami sikuwajibu vizuri. Ni kweli iko chini ya niliyokuwa nayo, na nimeiomba nikijua hivyo. Familia yangu ilihamia Tanga Januari. Mume wangu ana mkataba wa miaka 3 hapa na mtoto wetu ameanza darasa la kwanza. Umeneja ulikuwa ukiniweka safarini wiki 2 kila mwezi. Kwa miaka hii nataka kazi ya kukaa ofisi moja, na kazi ya vitabu ndiyo niliyoanza nayo. Mshahara mlioutaja nimeupigia hesabu na matumizi ya nyumbani, unatosha. Nitaripoti kwa mhasibu mkuu kama mhasibu mwingine yeyote."

Ni hayo tu. Sikusema nimechoka, ingawa nimechoka. Uchovu hauwaambii nitakaa muda gani. Mkataba wa mume na darasa la kwanza vinawaambia. Sikuahidi kuzeekea hapo pia, maana miaka 5 siwezi kuiapia, na wao wanajua siwezi. Sentensi ya mshahara ina uzito kwa sababu imetaja kiwango chao. "Wowote" ingemaanisha nitaanza kulalamika mwezi wa tatu. Ya mwisho ilikuwa ya mhasibu mkuu, kijana aliyekaa kimya muda wote akiandika. Yeye ndiye angeamka kila siku akijiuliza kama nimekuja kumpanda kichwani.

Rafiki yangu mmoja amenigombeza: mbona mume na mtoto, mwanamume angeandika hayo? Pengine asingeandika, na kuna mwajiri atakayesoma "mtoto" akasikia "ruhusa kila Ijumaa". Nililijua hilo. Nimeyaweka kwa sababu ndiyo yanayonishika Tanga. Ungekuwa ugonjwa wa mzazi, ningesema nimerudi kukaa karibu na wazazi, bila kuingiza cheti cha daktari. Na wale mnaoshauri nifute CPA kwenye wasifu: siku mkaguzi wa nje akija na kunisalimu kwa cheo changu cha zamani, mtanisaidia kueleza?

Jumatatu yule kijana mhasibu mkuu akanipigia mwenyewe, akaniita ofisini. Hakuniuliza chochote kuhusu umeneja. Alinisukumia bahasha ya risiti za safari ya dereva, akaniambia nizipange na kuziingiza. Mbili za mafuta zilikuwa zimefifia kabisa. Unajua zile karatasi za mashine ya EFD zikikaa juani kwenye dashibodi.

"Hizi utazifanyaje, dada?"

Nikamwambia sitaziingiza kwa kukisia. Naomba namba ya kituo cha mafuta, nitawapigia. Akaanza kuitafuta kwenye simu yake.