Usiwaambie wajikaze, waambie umepunguza nini

Juzi kijana mmoja niliyewahi kufanya naye kazi, ambaye sasa anaongoza timu yake mwenyewe, alinitumia rasimu ya ujumbe. Timu yake imechoka, zimebaki siku chache kabla ya kukabidhi mfumo, na alitaka nimsaidie kuupamba. Uliandikwa hivi: "Jamani, tumetoka mbali, tumebakiza kidogo. Tujikaze hizi siku za mwisho, tutapumzika baadaye. Nawaamini."

Niliusoma mara tatu na moyo ukanienda mbio, kwa sababu ujumbe huo ninaujua. Niliwahi kuutuma mimi, karibu neno kwa neno, Jumatatu moja saa tano na dakika arobaini usiku.

Tulikuwa sita. Tulikuwa tunajenga mfumo wa kusajili wanafunzi na kupokea ada, na tarehe ya kufungua shule haisogei kwa ajili ya mtu yeyote. Nilipotuma ujumbe, wote walijibu ndani ya dakika tano: "Tupo pamoja, bosi." Nikalala nikiwa na amani. Mwenzetu mmoja, ambaye alikuwa macho tangu saa kumi na mbili asubuhi, aliusoma akarudi kwenye kompyuta. Saa nane usiku alitaka kufuta malipo ya majaribio. Alikuwa na madirisha mawili yamefunguliwa, moja la seva ya majaribio na jingine la seva halisi, yote meusi, yote yanafanana. Akaandika:

```
DELETE FROM malipo;
```

Akaiandika kwenye dirisha la seva halisi, na bila sharti la `WHERE`, kwa hiyo ikafuta malipo yote. Nakala rudufu ilikuwa inachukuliwa kila siku saa tisa usiku, yaani saa moja baadaye. Ya mwisho ilikuwa na umri wa saa ishirini na tatu. Kila kitu ambacho makarani waliingiza Jumatatu kutwa kutoka kwenye daftari za zamani kilikuwa kimeondoka. Jumanne nzima ilikwenda katika kuingiza upya, na wawili kati yetu sita walikaa na makarani badala ya kufanya kazi yao.

Alikuwa amekaa macho saa ishirini. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha kwenye jarida la Nature vipimo vinavyoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa kumi na saba hufanya kazi kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Sijawahi kumwambia mtu aliyekunywa afungue seva halisi. Lakini usiku ule ndicho nilichokifanya, kwa maneno matamu.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, na sitaki kuizungusha. Ujumbe wa kutia moyo usioondoa kazi hata moja mabegani mwa watu huongeza mzigo. Aliyechoka anaposoma "tujikaze", anasikia kwamba jitihada aliyokwisha kuitoa haikutosha. Tena hawezi kukujibu hivyo mbele ya wenzake, ndiyo maana majibu yote huwa "tupo pamoja". Usiyachukue majibu hayo kama kipimo cha hali ya watu. Kipimo kilikuwepo ubaoni kwetu, ila mimi sikukitazama. Katika siku kumi na tano za kazi tulikuwa tumefunga kazi 45, lakini 15 zilirudi zikiwa na kasoro. Mwanzoni mwa mradi zilikuwa zikirudi mbili tatu tu. Kazi iliyofungwa inapoanza kurudi kwa kasi hiyo, ujue watu wanafanya kwa macho mazito.

Jumatano asubuhi, kabla ya kuandika neno lolote, nilikaa nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga wiki mbili nyuma. 45 toa 15 ni 30. Gawa kwa siku kumi na tano, tunasonga kazi mbili kwa siku. Zilibaki siku nane za kazi, na mbili za mwisho lazima ziwe za kupima tu. Sita mara mbili ni kumi na mbili. Ubaoni kulikuwa na kazi 26. Hakuna moyo wowote, hata wa simba, ungeziingiza 26 mahali pa 12.

Kwa hiyo nilimpigia mteja kwanza. Hilo ndilo jambo gumu, na nadhani viongozi wengi huandika ujumbe wa kutia moyo ili walikwepe. Nilimuuliza: siku ya kufungua, karani akikaa dirishani na mzazi amesimama mbele yake, lazima nini kifanye kazi? Akasema kusajili, kupokea ada, kutoa risiti. Ripoti za uongozi zikasogea mwezi uliofuata, pamoja na lugha ya pili kwenye kurasa na mapambo mengi tuliyokuwa tunayaita ya lazima. Kazi kumi na nne zilitoka kwa simu moja ya dakika ishirini na tano. Alikasirika, ndiyo. Lakini alikubali.

Ndipo nikaandika:

"Habari za asubuhi. Kumbukumbu za Jumatatu zilipotea kwa sababu ya mpango wangu, si kwa sababu ya mtu aliyekuwa zamu. Kazi 26 haziwezekani, nimekubaliana na mteja tufanye 12, orodha iko ubaoni. Baada ya saa kumi na mbili jioni hakuna anayegusa seva halisi, nami nimefunga ruhusa zote, pamoja na yangu. Jumatano ijayo jioni tunafunga msimbo. Alhamisi na Ijumaa ni kupima, na tutarekebisha tu kinachozuia usajili, malipo au risiti. Ukikwama kwa saa nzima, niite. Mfumo ukishatulia siku mbili, watatu wanapumzika siku mbili, kisha watatu wengine. Majina nimeshayaandika."

Mtu wa kwanza kujibu aliuliza, "Ripoti ya uongozi imetoka kweli? Nilikuwa naanza leo." Hilo lilinipa faraja kuliko "tupo pamoja" zote za Jumatatu.

Tulifunga kumi na moja. Ya kumi na mbili, kuchapa risiti nakala mbili kwa mkupuo, tuliiacha. Alhamisi, yule yule aliyefuta malipo ndiye aliyegundua kwamba ada ikilipwa kwa awamu mbili, awamu ya kwanza ilihesabiwa mara mbili. Alikuwa amelala usiku tatu mfululizo, akaona tofauti ya salio kwa jicho tu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba maneno ya shukrani yana nafasi yake. Ila yataje kitu. "Asanteni kwa kujituma" hayamfikii mtu. "Ulivyoandika upya hatua za kuingiza daftari, makarani waliacha kutupigia simu" yanamfikia. Na zipo timu ambazo mkuu wao hana mamlaka ya kumpigia mteja. Huyo na ampelekee hesabu mwenye mamlaka hayo, na awaambie wenzake jibu lilivyokuwa, hata kama ni hapana.

Yule kijana sikumpambia chochote. Nilimrudishia rasimu yake na maswali mawili: zimebaki kazi ngapi, na mnafunga ngapi kwa siku ukitoa zinazorudi? Akakaa kimya hadi kesho yake mchana. Kisha akaniandikia: "Kaka, zimebaki 19, zitaingia 10. Naenda kwa mkurugenzi saa nane."

Ujumbe kwa timu alikuwa bado hajautuma.