Kabla hujasema kiuno kimefinywa, usome kwanza mlango

Wiki mbili baada ya harusi ya binamu yangu studio ikatuma picha, shangazi akazirusha kwenye grupu la ukoo na haikupita nusu saa mtu mmoja akaizungushia duara nyekundu picha ya barazani na kuandika "mlango umepinda, bibi harusi kajikata kiuno". Wakaanza kucheka. Bibi harusi mwenyewe akanipigia usiku analia, "kaka, mimi sijagusa hiyo picha, hata hiyo programu sina". Nilimwamini, maana mimi kazi yangu ni kuediti picha, mwaka wa tisa huu sasa, na najua mlango ukipinda mara nyingi maana yake kuna mkono ulipita hapo, ila mlango haukwambii mkono ni wa nani.

Nikamwomba picha kamili kutoka studio, sio ile ya wasapu kwa sababu ile imeshaminywa na ukizumu unaona vumbi tu. Kasimama mbele ya mlango wa mbele wa kwao, kushoto mwa picha kuna mwimo wa mbao uliopakwa rangi ya kahawia, kulia mwa picha dirisha lenye grili ya nondo za wima. Kwa anayetaka kukagua picha hapo pazuri sana, pande zote mbili za mwili kuna kitu ambacho fundi alikinyoosha.

Kwanza nieleze mlango unapindaje, wengi wanauona umepinda ila hawajui sababu. Kwenye Photoshop kuna kitu kinaitwa Liquify, kipo tangu mwaka 2000, na kifaa chake kinachotumika zaidi ni Forward Warp Tool. Ukishika brashi yake ukasukuma kiuno kwenda ndani, haikati kiuno wala haijui kiuno ni nini, inasukuma kila kilichomo ndani ya duara la brashi, katikati ya duara inasukuma sana na kadiri unavyokwenda ukingoni nguvu inapungua mpaka inaisha. Sasa brashi ya kufinya kiuno huwa kubwa, maana ukitumia ndogo kiuno kinatoka na mabonde mabonde, kwa hiyo nusu ya duara iko mwilini na nusu nyingine iko ukutani, na ukuta unaburutwa pamoja na kiuno. Ndio maana mwimo unavutwa KUELEKEA mwilini pale kwenye kiuno, halafu juu na chini unanyooka tena kama hakijatokea kitu. Na kama nyonga zimeongezwa inakuwa kinyume, pale mwimo unasukumwa kukimbia mwili. Kiuno kikafinywa na nyonga zikaongezwa kwenye picha moja, mwimo unachora herufi S.

Namna ya haraka ya kuona haihitaji kompyuta. Umeshamwona fundi seremala akikagua ubao, anauinua usawa wa jicho, anafumba jicho moja na kuangalia kwa urefu? Fanya hivyo hivyo na simu. Ilaze karibu usawa wa jicho uangalie picha kutoka chini kwenda juu kufuata mstari wa mlango. Mstari unafupika lakini kupinda kwake hakufupiki, kwa hiyo kitu ambacho ukikiangalia kawaida hukioni kinajitokeza kabisa.

Mimi nilitaka namba kwa hiyo nikafungua kwenye kompyuta na kusoma ukingo wa mwimo ulio upande wa bibi harusi, nikihesabu piseli kutoka kushoto mwa picha. Usawa wa juu ya kichwa ukingo uko 1204, usawa wa magoti 1212. Hizo piseli nane zimetokana na kamera kulala kidogo, hazina neno. Kiuno kiko kama katikati ya hizo sehemu mbili kwa hiyo pale ungetegemea 1208, mimi nikakuta 1227. Piseli 19 kuelekea mwilini. Nikashuka usawa wa nyonga, ukingo umekimbia mwili kwa piseli 8. Halafu nikapima upana wa mwimo wenyewe, juu ni piseli 158, usawa wa kiuno ni 171, yaani ule ukingo wa karibu na mwili umeburutwa zaidi kuliko ule wa mbali na mbao imenenepa hapo kati. Mbao hainenepi sehemu moja usawa wa kiuno cha mtu. Nikampigia shangazi apime mwimo kwa futi, akasema sentimita 10, kwa hiyo piseli 16 hivi ni sentimita moja pale ukutani, na mstari umesogea kama sentimita moja na kidogo. Na kumbuka mstari uko mbali na katikati ya brashi, kwa hiyo kiuno chenyewe kimesogea zaidi ya hapo.

Upande wa pili nondo za grili zilisema vilevile, nondo iliyo karibu na kiuno imeinama kuelekea kwake na zile za mbali zimenyooka.

Uso ndio ulinichukua muda. Nyuma ya shavu lake la upande wa dirisha kulikuwa na nondo moja tu, na imejikunja kidogo sana pale kwenye taya. Uso siku hizi haufinywi kwa brashi, tangu 2016 Liquify inatambua sehemu za uso yenyewe na unasogeza vibonye vya Face Width na Jawline, inafanya kwa upole zaidi, lakini bado ngozi ikienda ndani lazima kitu kijaze nafasi na kinachojaza ni kile kilichoko nyuma kinavutwa. Kwa hiyo usoni usitafute upindo mkubwa, angalia nafasi kati ya nondo na nondo, ile inayopakana na shavu inakuwa pana kuliko wenzake. Miwani nayo inasema sana, mkono wa miwani unaotoka kwenye jicho kwenda sikioni ukiwa na mgongo wakati wa upande wa pili umenyooka basi shavu limeguswa.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui na kinawaponza: mstari unapinda pale tu unaposukumwa kwa ubavu. Ukisukumwa kwa urefu wake haupindi. Mtu akisimama mbele ya ukuta wa tailizi, kiuno kikisukumwa kwenda ndani, ile mistari ya kulala kati ya tailizi na tailizi inabaki imenyooka vizuri kabisa na utaapa picha ni safi. Hapo hesabu upana, tailizi zote ukutani ni saizi moja, ile inayogusana na kiuno ikiwa pana kuliko ya jirani yake basi imevutwa. Na nguo usiitumie kama ushahidi kabisa, pindo la kanga au mistari ya kitenge inapinda yenyewe kwa sababu kuna mwili ndani.

Sasa upande wa pili wa shilingi, na hapa ndipo ninapogombana na hawa wapelelezi wa mitandaoni. Sio kila mlango uliopinda umepindwa. Lensi pana inapinda mistari yenyewe, ila ina tabia yake: mstari wote unajikunja polepole kutoka juu mpaka chini kama upinde, tumbo la upinde linaelekea NJE ya picha, na mistari ya pembeni inapinda zaidi ya ile ya katikati. Kiuno kilichofinywa kinavuta mstari kuelekea mwilini na ni kipande kifupi tu. Zipo lensi za zumu zinazopinda kwenda ndani pia, lakini nazo zinapinda mstari mzima, hazichagui kiuno. Kwa hiyo ukiona mlango umejikunja, angalia mlango mwingine au kona ya ukuta iliyo mbali na mtu upande wa pili wa picha, nayo ikiwa imejikunja hivyo hivyo acha, ni lensi. Nyumba zetu pia tunazijua, kuna miimo imepinda tangu fundi alipoiweka. Ndio maana nilimwuliza shangazi kwanza apige picha ya mlango wenyewe bila mtu, akapiga, umenyooka.

Na kunyooka kwa mlango nako sio cheti. Mtu anayejua kazi anapaka Freeze Mask kwenye mwimo kabla ya kusukuma, mwimo hausogei. Hapo unaangalia kile kipande cha ukuta kati ya mwimo na kiuno, kimevutika kama chapati, chengachenga za picha zimekuwa ndefu na plasta imefifia wakati ukuta mwingine una chembe kali. Na aliye bora zaidi anautoa mwili kwenye leya yake, anaujenga ukuta upya nyuma, halafu anafinya mwili peke yake. Huyo mlango hautamsema hata ufumbe jicho vipi. Kwa hiyo mlango ukipinda una la kusema, usipopinda hujaambiwa kitu.

Nikampigia mwenye studio. Studio siitaji, hata hivyo ziko nyingi zinafanya hivyo hivyo. Akaniambia bila wasiwasi kwamba ni kawaida yao, kila bibi harusi anapita Liquify kabla picha hazijatoka, "wateja wanapenda". Nikamwuliza huyu uliongea naye? Hakuongea naye. Na mimi sisemi kutoka juu, nilipoajiriwa mwanzo nilifanya vilevile kwa miaka miwili kwa sababu niliagizwa, na sikuwahi kumwuliza mwanamke hata mmoja. Kumfutia mtu chunusi iliyoota asubuhi ya harusi ni jambo moja, wiki ijayo haipo. Kumbadilisha umbo bila kumwambia ni kumpa picha ya mtu mwingine aiweke ukutani, halafu watu wakigundua wanamcheka yeye, sio wewe uliyeshika brashi.

Ufaransa tangu Oktoba 2017 tangazo la biashara likitumia picha ya modo aliyepunguzwa au kuongezwa umbo lazima liandikwe kwamba picha imerekebishwa. Hiyo ni ya matangazo, harusi haimo, na sidhani tunahitaji sheria kwa ajili ya picha za barazani. Ninachotaka ni mstari mmoja kwenye risiti ya studio: umbo liguswe, ndio au hapana, na mteja atie sahihi mwenyewe. Akisema ndio ni mwili wake na picha yake, hakuna wa kumwuliza.

Faili la asili tulilipata siku ya tatu, baada ya shangazi kwenda mwenyewe na kukaa pale kwenye benchi mpaka wakaitoa. Binamu yangu akaichagua hiyo isafishwe kwa ajili ya fremu kubwa ya sebuleni. Niliifanya mimi, nikarekebisha mwanga na nikaondoa waya wa umeme uliopita juu ya mlango, na kabla sijamtumia nikamwambia kila nilichogusa.