Msinitumie tena picha ya CT ya dirisha moja

Daktari wa zamu alinitumia picha usiku. Kijana ameanguka na pikipiki, kichwa kinamuuma, anasinzia lakini akiitwa anaitika. Ilikuwa picha moja ya CT ya kichwa, imepigwa kwa kamera ya simu mbele ya skrini. Ujumbe ulisema: "Dokta, mimi sioni damu. Naweza kumruhusu asubuhi?"

Niliikuza, nikaizungusha, nami sikuona damu. Nilimwomba asimruhusu mtu mpaka nifungue faili zenyewe. Nilipozifungua nikakuta vitu vitatu: damu nyembamba upande wa kushoto kati ya fuvu na ubongo, ufa kwenye mfupa unaobeba sikio la upande huohuo, na kiputo cha hewa ndani ya fuvu karibu na ule ufa. Vyote vilikuwa kwenye seti ileile ya picha tangu mgonjwa alipoteremka kwenye mashine. Hakuna aliyevificha, vilikuwa nje ya dirisha.

Tangu usiku ule nina msimamo mkali kuhusu jambo hili, na nitaueleza kwa kisa hikihiki.

Mashine ya CT haipigi picha kama kamera. Inapima jinsi kila kipande kidogo cha mwili kinavyozuia miale ya eksirei, kisha inakipa namba. Kipimo chake kinaitwa kwa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi aliyeunda mashine ya kwanza, ambayo mgonjwa wake wa kwanza alipigwa London mwaka 1971. Maji ni 0 na hewa ni -1000. Mafuta yako karibu na -100. Maji yanayozunguka ubongo ni kama 5, ubongo wenyewe ni kati ya 25 na 40, damu mbichi iliyoganda ni 50 hadi 80, na mfupa mgumu wa fuvu unapita 1000 bila shida.

Kwa kawaida faili ina nafasi ya namba 4,096 tofauti. Skrini ya kawaida ina vivuli 256 tu, kuanzia cheusi hadi cheupe. Ukigawanya sawasawa, kila kivuli kimoja kinabeba namba 16. Sasa tazama: sehemu ya kijivu ya ubongo na sehemu yake nyeupe zinapishana kwa namba kumi hivi. Zingeweza kuangukia kivuli kimoja, na ubongo wote ungeonekana kama uji uliokorogwa vizuri. Ndiyo maana tunachagua kipande cha namba tunachotaka kukiona na kukipa vivuli vyote 256. Kipande hicho ndicho dirisha. Upana wake kwenye skrini huandikwa WW, na namba iliyo katikati yake huandikwa WL. Mipaka yake ni hesabu ya mtoto wa shule:

```
chini = WL - WW/2
juu   = WL + WW/2
```

Kila kilicho chini ya mpaka wa chini kinakuwa cheusi tii. Kila kilicho juu ya mpaka wa juu kinakuwa cheupe pe. Watu wengi husoma maelezo haya haraka na kuyaacha hapo, wakidhani dirisha ni kama kuongeza mwanga wa televisheni. Lakini televisheni haikufichi mtu aliyesimama pembeni ya jukwaa. Dirisha linamficha.

Picha ya yule kijana ilikuwa kwenye dirisha la ubongo, WW 80 na WL 40, yaani kutoka 0 hadi 80. Ni dirisha zuri sana kwa kazi yake. Ubongo wenye namba 35 unapata kivuli cha 112, katikati kabisa ya kijivu, na tofauti ndogo ndani yake zinatokeza. Damu yake niliipima kwa kile kiduara cha kupimia nikapata 65, ambayo kwenye dirisha hilo ni kivuli cha 207, yaani nyeupe iliyofifia. Fuvu ni 255.

Kwa hesabu, 207 na 255 si sawa, na damu ilipaswa kuonekana. Tatizo ni kwamba ilikuwa na unene wa milimita nne tu, na picha ile ilikuwa ya kipande kinene, yaani tabaka la kichwa la milimita tano. Pale fuvu linapopinda, kipande kinene hubeba mfupa kidogo na damu kidogo kwa pamoja, na namba inayotoka ni wastani wao. Wastani wa damu na mfupa unapita 80 kirahisi, kwa hiyo sehemu ya damu iliyogusa mfupa ikawa nyeupe kama mfupa wenyewe. Ukingo uliobaki ulikuwa mweupe uliofifia kando ya mweupe mkali, na jicho likauhesabu kuwa fuvu. Ukiitazama picha ile unaona mtu mwenye fuvu nene kidogo upande wa kushoto. Basi.

Nilipofungua vipande vyembamba na kuweka WW 200, WL 80, mambo yalibadilika palepale. Dirisha hilo linaanzia -20 na kuishia 180. Ubongo unashuka hadi kivuli cha 70, damu inakuwa 108, na mfupa unabaki 255. Angalia kilichotokea: damu na ubongo vimekaribiana zaidi kuliko mwanzo, hivyo picha imefifia na haipendezi, lakini damu imebanduka kutoka kwenye fuvu. Ulionekana utepe wa kijivu, una mwanzo na mwisho, umelalia ubongo. Mtu yeyote angeuona.

Kuhusu hewa, kosa lake ni la upande wa pili. Kwenye dirisha la ubongo maji ya ubongo yana kivuli cha 16, karibu cheusi, na hewa ni 0. Tofauti hiyo haionekani kwa macho kwenye kitu chenye ukubwa wa punje ya mtama. Kiputo kile kilionekana kama kijibwawa cha maji, na vijibwawa vya namna hiyo ni vya kawaida kichwani. Nikabonyeza dirisha la mapafu, WW 1500 na WL -600. Wengi hawalifungui kabisa kwenye kichwa kwa sababu jina lake linasema mapafu. Linaanzia -1350 hadi 150, kwa hiyo maji, ubongo na damu vyote vinakuwa karibu vyeupe, kati ya 230 na 241, na hewa peke yake ndiyo inayobaki na giza. Kiputo kilipimwa -400, kwa kuwa nacho kilichanganyika na vilivyokizunguka, na kikapata kivuli cha 161: nukta ya kijivu juu ya karatasi nyeupe. Dirisha hilohilo ndilo linalotofautisha hewa na mafuta tumboni, mahali ambapo kiputo kimoja nje ya utumbo kinaweza kumaanisha utumbo umetoboka. Laiti lingeitwa dirisha la hewa, watu wangelifungua mara nyingi zaidi.

Kwa kawaida hewa haina njia ya kuingia ndani ya fuvu lililo zima. Kiputo kile kiliniambia pa kutafuta ufa, nikaenda kwenye dirisha la mfupa, WW 2500 na WL 500. Mfupa mzima ulikuwa kama 1100, na ule mstari mwembamba wa ufa ulipimwa kama 400. Kwenye dirisha la ubongo zote mbili ni 255, kwa hiyo ufa haupo. Hapa ni 189 na 117, na mstari unaonekana. Niongeze tahadhari moja: dirisha la mfupa halitoshi ikiwa picha zimetengenezwa kwa kichujio laini cha ubongo, kwa kuwa kichujio hicho hulainisha kingo na kuufuta ufa mwembamba kabla dirisha halijaguswa. Lazima seti itengenezwe pia kwa kichujio kikali. Na ukiichukua seti hiyo kali ukaiweka kwenye dirisha la ubongo, utapata chenga tupu. Watu huchanganya mambo haya mawili kila siku, na mashine inalaumiwa bure.

Ndipo ninapofika kwenye picha ya simu. Ukipiga picha skrini, au ukihifadhi picha ya CT kama JPEG, umeligandisha dirisha. Namba 81 na namba 1100 zote zimekuwa 255, na hakuna mtu atakayezitenganisha tena. Nimewahi kuwaona wenzangu wakipunguza mwanga wa picha kwenye simu ili waone mfupa vizuri. Wanachopata ni mfupa uleule usio na kitu ndani, sasa una rangi ya kijivu. Faili ya DICOM, yaani ile inayotoka kwenye mashine yenyewe, ina namba zote. JPEG ina jibu la swali moja ambalo mtu mwingine aliuliza.

Najua utetezi wake, na una haki yake. Usiku ni mrefu, mtandao ni dhaifu, seti nzima ni mamia ya vipande. Sisemi watu waache kuulizana kwa simu. Nasema jibu la "sioni damu" kwenye picha moja ya dirisha moja si jibu, na mimi silitoi tena.

Kusogeza dirisha nako kuna mwisho wake. Damu hiyohiyo ikikaa wiki mbili hivi inaweza kushuka hadi namba ya ubongo, na mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kuwa na damu mbichi yenye namba hiyo tangu siku ya kwanza. Namba zikilingana, hakuna dirisha litakalozitenga. Ukibana upana hadi 30 utakuza chenga tu, uanze kuona damu mahali isipokuwepo. Hapo unaacha kutazama rangi na kutazama maumbo: je, mifereji ya ubongo inafika hadi kwenye fuvu, au inaishia njiani? Mstari wa katikati umesogea?

Yule kijana alilazwa akiangaliwa, akapigwa tena CT, damu haikuwa imeongezeka, na hakuhitaji upasuaji. Daktari aliyenitumia picha bado ananitumia. Siku hizi ananitumia video fupi. Anaanzia utosini, anashuka kipande kwa kipande kwenye dirisha la ubongo, kisha anarudi juu huku ameshikilia kitufe cha kipanya na kuvuta upande polepole, ili upana ufunguke kutoka 80 hadi 200. Anashuka tena kwenye mfupa, na mara ya mwisho kwenye mapafu. WW na WL zinasomeka pembeni ya skrini muda wote. Inachukua dakika moja na nusu.