Nondo iliyobetuka haikuwa na presha

Fundi wa kuchomelea aliniita mchana nikaone nondo ya milimita 12 aliyoikaza asubuhi kati ya nguzo mbili za zege, urefu mita tatu. Ilikuwa imebetuka kama upinde. "Presha ya jua hiyo, kaka," akaniambia.

Simlaumu. Kwetu presha ni ya damu, ya tairi, ya kazi, hata ya mwenye nyumba. Mkazo, msongo na mgandamizo nazo hupokezana nafasi, na katika maongezi hakuna anayeumia. Kwenye chuma kuna anayeumia.

Tuseme asubuhi nondo ilikuwa na nyuzi joto 25, mchana ikafika 55. Chuma hurefuka kama milimita 0.012 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja. Kwa mita tatu na nyuzi 30 inakuja milimita 1.08. Kama ncha moja ingekuwa huru, nondo ingerefuka kiasi hicho bila kusumbuka. Gawanya 1.08 kwa 3,000 upate 0.00036. Huo mimi nauita mnyumbuko (walimu wa sarufi wanisamehe, neno lao nimeliazima): umbo limebadilika kwa sehemu gani ya lilivyokuwa. Hauna kipimo, ni namba tupu. Na hapo mkazo haupo kabisa.

Sasa funga ncha zote mbili, nguzo zisisogee. Nondo ikibaki imenyooka, urefu haujabadilika hata kidogo, kwa hiyo mnyumbuko ni sifuri. Lakini ndani chuma kinasukumana chenyewe kwa chenyewe. Zidisha 0.00036 kwa ugumu wa chuma, yaani 200,000, upate newtoni 72 kwa kila milimita ya mraba. Huo ndio mkazo. Macho hayauoni, futi haiupimi. Nondo nyembamba namna ile hata haifiki 72. Inakimbilia kando mapema sana, ndiyo maana ilibetuka.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaotumia neno moja kwa vyote viwili: hapa kimoja kipo bila mwenzake.

Presha, au kanieneo kama tulivyofundishwa shuleni, ni ya maji na hewa. Maji yaliyotulia husukuma pande zote sawasawa, na hayajui kuvuta. Mkazo una upande wake: unaweza kuvuta, kubana, au kukata. Kipimo ni kilekile, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Bomba la chuma la kipenyo cha milimita 100, ukuta milimita 2, likibeba maji yenye presha ya newtoni 0.3 kwa kila milimita ya mraba, ukuta wake unavutwa kwa mkazo wa 7.5, mara 25 ya presha iliyomo ndani.

Fundi alikata ncha moja, akachonga tundu refu la bolti ili nondo iteleze. Bado anaiita presha.