Beirut Iliyopigwa Picha Israeli

Mwaka 2012, tamthilia ya Kimarekani iitwayo Homeland iliuonyesha mtaa wa Hamra wa Beirut kama vichochoro vinavyotawaliwa na wanamgambo wenye bunduki. Hamra halisi ni barabara ya maduka, hoteli na mikahawa, jirani na Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut. Juu ya hayo, picha zilipigwa Israeli, nchi ambayo sheria za Lebanon zinawakataza raia wake kuwa na mawasiliano nayo, na waziri wa utalii wa Lebanon akatishia kufungua kesi.

Watayarishaji wanaopiga picha mji mmoja kwa niaba ya mwingine wana hoja zisizostahili kupuuzwa. Onyesho la risasi na milipuko linadai vibali, kufungwa kwa barabara na bima, na pale usalama unapotiliwa shaka, bima hupanda au haipatikani kabisa. Kuna pia miji ambayo haiwezi tena kujiigiza. Pripyat, mji wa wafanyakazi wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl huko Ukraine, ulihamwa mwaka 1986 baada ya kinu hicho kulipuka, na tangu hapo umemezwa na miti. Kwa hiyo tamthilia ya Chernobyl ya mwaka 2019, iliyohitaji kuuonyesha ukiwa na watu, ilipigwa Fabijoniškės, mtaa wa Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, uliojengwa enzi za Usovieti kwa maghorofa ya aina ileile. Matukio ya kinuni yalipigwa Ignalina, kinu cha Lithuania kilichofungwa mwaka 2009, ambacho vinu vyake vya nyuklia ni vya ukoo mmoja na vile vya Chernobyl. Hapo mji mbadala ulisema kweli kuliko magofu yenyewe.

Hata hivyo, kufanana kwa majengo hakutoshi. Haifa, mji wa Israeli uliotumika badala ya Beirut katika Homeland, ni kama Beirut yenyewe: mji wa bandari na vilima kwenye Bahari ya Mediterania, na kwa jicho la kamera unaweza kupita. Kasoro ilitoka kwa waliouvisha mji huo vichochoro na bunduki, kisha wakaupa jina la mtaa unaojulikana.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulijitokeza mwaka 2015, Homeland ilipojenga karibu na Berlin kambi ya wakimbizi wa Syria iliyodaiwa kuwa Lebanon. Wasanii walioajiriwa kuchora kuta ili kambi ionekane ya kweli waliandika kwa Kiarabu kwamba tamthilia yenyewe ni ya kibaguzi. Maneno hayo yalipigwa picha, yakahaririwa na kurushwa hewani, na wasanii wakayatangaza wenyewe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo lawama inapostahili kuelekezwa: Kiarabu kilikuwa pambo la ukutani, na hakuna aliyepewa kazi ya kukisoma. Kumlipa msomaji mmoja kungegharimu kidogo sana kuliko kuhamishia kikosi kizima Beirut, mradi apewe mamlaka ya kusimamisha kamera, kwa kuwa mshauri asiye na mamlaka hayo hupuuzwa pindi ratiba inapobana.