Kifungu cha kinga dhidi ya hasara: nani anamlipa nani, na kwa tukio lipi

Katika mikataba ya kazi na huduma, kifungu ambacho upande mmoja unaahidi kuukinga upande mwingine dhidi ya hasara husomwa harakaharaka kuliko karibu vifungu vyote. Wengi wanaosaini hukiona kama marudio ya jambo ambalo sheria imekwisha kulisema, yaani kwamba anayevunja mkataba atalipa fidia. Naamini dhana hiyo imewagharimu watu fedha nyingi. Kifungu cha kinga hakisubiri mkataba uvunjwe, isipokuwa maneno yake yenyewe yaseme hivyo, na kiasi kinacholipwa, anayelipwa na wakati wa kulipa hutoka katika maneno hayo zaidi kuliko katika kanuni za kawaida za fidia.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inayaweka mambo haya mawili mbalimbali. Kifungu cha 73 ndicho kinachohusu fidia ya kuvunja mkataba. Anayedai lazima aonyeshe kwamba mwenzake amevunja ahadi, kwamba hasara imetokana na uvunjaji huo, na kwamba ni hasara ambayo kwa kawaida ya mambo ingetokea, au ambayo pande zote mbili ziliijua kuwa inaweza kutokea zilipokuwa zikikubaliana. Hasara ya mbali hailipwi, na mahakama hutazama pia kama mdai alikuwa na njia ya kuipunguza. Vifungu vya 76 na 77 vinahusu jambo jingine: mtu anaahidi kumwokoa mwenzake na hasara inayosababishwa na mwenendo wa mwahidi mwenyewe au wa mtu mwingine yeyote. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mtu anaweza kutimiza kila alichoahidi katika kazi yake na bado akadaiwa chini ya kinga kwa sababu ya jambo lililofanywa na mtu asiyemfahamu.

Tuchukue mfano wa mwenye jengo la maduka aliyeingia mkataba na mkandarasi wa kutunza lifti. Mkandarasi anakuja kila mwezi, anakagua nyaya na breki, anapaka grisi na kusaini kitabu cha matengenezo bila kukosa. Siku moja lifti inashuka ghafla na mteja wa duka anavunjika mguu. Anamshtaki mwenye jengo, na mahakama inaamuru alipwe shilingi milioni 40. Mwenye jengo ametumia pia milioni 7 kwa wakili na gharama za kesi. Uchunguzi unaonyesha kwamba chuma cha breki kilikuwa na ufa wa ndani tangu kiwandani, ufa ambao ukaguzi wa kawaida usingeuona.

Mwenye jengo akienda mahakamani kwa kifungu cha 73 peke yake, atakuwa na wakati mgumu, kwa kuwa mkandarasi hakuvunja ahadi yoyote: alikagua kama alivyotakiwa kukagua. Lakini kama mkataba unasema kwamba mkandarasi atamkinga mwenye jengo dhidi ya madai yoyote ya mtu wa tatu yatokanayo na matumizi ya lifti, mambo yanabadilika kabisa. Dai la mtu wa tatu limekuja, limetokana na matumizi ya lifti, na hilo linatosha. Mkandarasi analipa milioni 40, na chini ya kifungu cha 77 analipa pia gharama za kesi, mradi mwenye jengo hakukaidi maagizo ya mkandarasi katika kujitetea na alijitetea kama mtu mwenye busara ambavyo angefanya hata kama asingekuwa na kinga. Sasa yaongezwe maneno machache tu, kwamba madai yawe yametokana na uzembe wa mkandarasi. Tunarudi karibu pale tulipoanzia, kwa sababu mwenye jengo atalazimika kuthibitisha kosa la mkandarasi, na kosa halipo. Ajali ni ileile, mguu ni uleule, na shilingi milioni 47 zinahama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine kwa sababu ya maneno matatu.

Ndiyo maana nasema kwamba mtu anayesoma kifungu hiki asianze na orodha ndefu ya hasara, gharama, faini, ada na madeni ambayo mawakili hupenda kuipanga. Orodha hiyo huelezea kinachoweza kulipwa mlango ukishafunguka. Kinachopaswa kusomwa kwanza, taratibu na mara mbili, ni maneno yanayokuja baada yake: yatokanayo na nini, kufuatia tukio gani, yakiletwa na nani.

Kesi inayolionyesha hili vizuri kuliko zote ninazozijua ni ya Uingereza, Wood dhidi ya Capita, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2017. Capita ilikuwa imenunua hisa zote za kampuni ya udalali wa bima iitwayo Sureterm mwaka 2010. Muda mfupi baada ya ununuzi, wafanyakazi wa Sureterm walieleza wasiwasi kuhusu namna bima zilivyouzwa kwa simu, na ukaguzi wa ndani ukaonyesha kwamba wateja wengi walikuwa wamepotoshwa. Capita na Sureterm zikaenda zenyewe kwa mamlaka iliyosimamia huduma za fedha wakati huo na kutoa taarifa, na mpango wa kuwalipa wateja ukakubaliwa. Capita ikawadai wauzaji, akiwemo Wood, zaidi ya pauni milioni 2.4 kwa kutumia kifungu cha kinga.

Kifungu hicho kilikuwa na orodha pana kupita kiasi: mashauri, hasara, madai, gharama, faini, fidia na hatua za kurekebisha makosa. Lakini kiliongeza kwamba yote hayo yawe yamefuatia na kutokana na madai au malalamiko yaliyosajiliwa kwa mamlaka dhidi ya kampuni, wauzaji au wahusika wengine waliotajwa. Hakuna mteja aliyekuwa amelalamika; kampuni ilikuwa imejiripoti. Mahakama Kuu iliona kinga inafanya kazi, Mahakama ya Rufani ikakataa, na Mahakama ya Juu ikakubaliana na Mahakama ya Rufani. Capita haikupata kitu chini ya kifungu hicho, ingawa upotoshaji ulikuwa wa kweli, ulitokea kabla ya ununuzi, na fedha zilikuwa zimelipwa.

Kuna watakaosema kwamba uamuzi huo ni wa kikatili, kwani unamwadhibu aliyefanya uungwana wa kujiripoti. Mimi nauona kuwa sahihi, na sababu iko katika mkataba wenyewe. Mbali na kinga, wauzaji walikuwa wametoa hakikisho pana kuhusu hali ya kampuni, pamoja na namna ilivyofuata sheria na kanuni. Hakikisho hilo likionekana si la kweli, mnunuzi anadai fidia ya kawaida ya kuvunja mkataba, ila alipewa miaka 2 ya kutoa taarifa ya dai lake. Kinga haikuwa na kikomo hicho cha muda, lakini mlango wake ulikuwa mwembamba. Jaji Hodge alieleza kwamba hapakuwa na jambo la ajabu kibiashara kwa watu kukubaliana hivyo, njia moja pana yenye muda mfupi na nyingine nyembamba ya muda mrefu. Mahakama ikiipanua njia ya pili kwa huruma, itakuwa imewanyang'anya wauzaji kikomo walichokijadili na kukipata. Anayesaini mkataba wenye njia zote mbili anapaswa kujua ni ipi inayofaa kwa tatizo gani, na tarehe ya mwisho ya ile ya kwanza aiandike mahali atakapoiona.

Swali la nani anamlipa nani huwa gumu zaidi pale anayeomba kukingwa ndiye aliyesababisha hasara. Mwaka 1952 Baraza la Faragha mjini London, mahakama iliyosikiliza rufaa kutoka nchi za himaya ya Uingereza, liliamua rufaa kutoka Kanada kati ya kampuni ya Canada Steamship Lines na Serikali. Kampuni ilikuwa imepanga banda la mizigo la Serikali bandarini Montreal. Wafanyakazi wa Serikali walikuwa wakitengeneza mlango wa banda kwa mashine ya kukatia chuma kwa moto, cheche zikadondoka kwenye marobota ya pamba, na banda likateketea pamoja na mizigo. Serikali ikajitetea kwa kifungu kilichomtaka mpangaji aikinge dhidi ya madai yote yanayohusiana na upangaji huo, ili kile itakachoamriwa kulipa kirudi kwa mpangaji. Baraza lilikataa. Lilisema kwamba mtu anayetaka kukingwa dhidi ya uzembe wake mwenyewe aseme hivyo waziwazi, na maneno mapana yanayoweza kuwa na maana nyingine hayatoshi. Katika mikataba ya leo bado nakutana na kifungu cha "madai yote ya aina yoyote" kikiwa hakijasema kitu kuhusu uzembe wa anayekingwa, na kila upande umeondoka mezani ukiamini umeshinda. Ni afadhali jambo hilo ligombaniwe siku ya kujadiliana kuliko siku ya ajali. Mkandarasi mdogo, hasa, asikubali kubeba uzembe wa mwenye jengo kwa bei ya matengenezo ya kila mwezi.

Imezoeleka pia kusemwa kwamba kinga humpa mdai kila senti, bila kujali hasara ilikuwa ya mbali kiasi gani. Sikubaliani na kauli hiyo ikisemwa kwa ujumla. Dai la mtu wa tatu lililokwisha kuamuliwa lina kiasi chake, na hapo kinga ina nguvu kweli. Lakini kinga inapotumika kwa hasara ya mpewa kinga mwenyewe, kama biashara iliyopotea, mahakama zimewahi kuisoma kama fidia ya kawaida iliyovaa jina jingine, na kuiwekea mipaka ileile. Anayetaka mipaka hiyo isitumike aandike hivyo.

Wakati wa kulipa nao unatofautiana. Kwa fidia ya kuvunja mkataba, muda wa miaka 6 wa kufungua shauri Tanzania huhesabiwa kwa kawaida tangu mkataba ulipovunjwa, hata kama madhara yamechelewa kuonekana. Kwa kinga ya jumla dhidi ya madai ya watu wa tatu, haki ya kudai kwa kawaida huiva pale wajibu wa mpewa kinga unapothibitika, jambo linaloweza kutokea miaka mingi baada ya kazi kukamilika. Je, mwenye jengo letu lazima atoe kwanza milioni 40 mfukoni ndipo amdai mkandarasi? Mahakama Kuu ya Bombay ilisema mwaka 1942, katika kesi ya Gajanan Moreshwar, kwamba deni likishakuwa la uhakika, mpewa kinga anaweza kumtaka mtoa kinga alilipe au aweke fedha za kulilipia, bila kungoja afilisike. Uamuzi wa India haufungi mahakama zetu, lakini vifungu vyetu vinatokana na sheria ya India ya mwaka 1872 na hoja yake inasikilizwa. Hata hivyo, mkataba ukisema mtoa kinga "atarudisha kiasi kilicholipwa", umempa hoja ya kusubiri risiti, na mwenye jengo asiye na milioni 40 benki atajikuta ana kinga asiyoweza kuitumia. Badala yake iandikwe kwamba mkandarasi atalipa ndani ya siku 14 tangu apokee nakala ya hukumu au ya makubaliano ya kumaliza kesi aliyoyaridhia kwa maandishi, na kwamba mwenye jengo atamjulisha dai mara tu linapomfikia.